Sitauliza Umepata Ngapi

Beni, tarehe 3 mwezi wa tatu 2024

Mudogo yangu Hippolyte,

Nakusalimia weye, Germaine na batoto. Siye huku tuko. Muyisa bado na ile kifua yake, lakini anaenda ku garage kila siku, hasikie mutu. Batoto bote banasoma. Juma ilipita tulisikia masasi ya bunduki upande wa mashamba, tukalala na viatu mu miguu, asubui tukaamka, kila mutu akaenda ku kazi yake. Avoka zimezaa mingi mwaka huu, hata mbuzi zimezichoka.

Sasa nikuambie juu ya nini nimekuandikia, sikukupigia telefone. Telefone ya nyumba hii iko ya bote. Wasichana bangu banaisoma mbele yangu, na shemeji yako Muyisa hajue kusema polepole. Na kitu hii sipendi itembee.

Unajua ile darasa ya pili ninafundisha, kwa shule ya batoto ba badéplacés, benye balikimbia vita. Directeur aliniita mu bureau. Aliniambia na heshima: "Mama Victoire, inspection inaomba dossier ya kila mwalimu. Mwenye hana diplôme d'État ya kumaliza secondaire, mwaka kesho sitaweza kumuachia darasa." Nilimujibu nimesikia. Nikarudi mu darasa, batoto banaimba "ma, me, mi", na miye nikajikuta naangalia kila mumoja kama mutu mwenye anaenda safari.

Donc nilijiandikisha autodidacte, mutu wa kujisomea mwenyewe, option pédagogie, na bulletin yangu ya zamani ya shule ya Musienene. Préliminaire, ile examen yenye siye ba inje ya shule tunafanya mbele ya kuruhusiwa, nimeisha kuifanya na nimepita. Inabakia hors-session, ile ya dissertation, oral na leçon mbele ya jury, mwezi wa tano, na session yenyewe mwisho wa mwezi wa sita. Niko na miaka makumi ine na moja. Cheka kwanza, halafu endelea kusoma.

Muyisa anajua. Weye njo mutu wa pili. Hapana kumuambia mutu mwingine, hata mama kule Vuhovi. Rébecca mwenye anauzisha viazi vya Lubero hapa sokoni anapita Butembo kila juma, yeye njo atabeba barua zetu. Weye mwalimu wa français, nitumie masujets ya dissertation, na usinihurumie ku makosa.

Dada yako,
Victoire


Butembo, tarehe 12 mwezi wa tatu 2024

Yaya Victoire,

Tumepokea salamu zako na siye tunakurudishia, pamoja na muvua, juu huku inanyesha kama imesahau kuacha. Germaine alijifungua salama, utakuwa umesikia: musichana, tumemuita Gaëlle. Analia usiku, analala mchana, kama mulinzi.

Nilicheka, ndiyo, lakini ya furaha. Nilisimama mu chumba nikatembea. Yaya, nimetayarisha bafinalistes, batoto ba mwaka ya mwisho, miaka mingi, na sikufikiri siku moja mumoja wabo atakuwa weye, mwenye ulinifundisha kushika kalamu ku mulango ya jikoni na makaa.

Sikia basi. Ku dissertation batakupa sujets tatu, unachagua moja tu. Batu banaanguka pale: banachagua ile yenye maneno makubwa, juu inaonekana ya akili. Weye chagua ile yenye unaweza kupatia mifano ya maisha yako. Introduction: sema sujet inauliza nini. Développement: mawazo mawili ao tatu, kila moja na mfano wake. Conclusion fupi. Achia nafasi ya kusoma tena mwishoni, juu makosa ya "s" ya wingi inatoka pale pale, mutu akiisha kuchoka. Nimekutumia sujets tano. Andika moja kila juma, nitakosoa na bic nyekundu bila huruma.

Ku session yenyewe, maswali ni items: swali moja, majibu matano, unachagua moja. Kila mutu ana série yake, jirani yako hana maswali kwa mupango kama yako, kwa hiyo hata kuchungulia haina faida.

Nitafunga kinywa vile umesema. Lakini Yaya, kwa nini kuficha kitu muzuri hivi? Bengine banaficha wizi, weye unaficha kusoma.

Mudogo yako,
Hippolyte


Beni, tarehe 21 mwezi wa ine 2024

Hippolyte,

Wasingya, asante ku barua na bic nyekundu. Germaine apumuzike vizuri, na huyo Gaëlle mumusalimie. Nimemushonea kofia, Rébecca ataileta. Sagesse, kijana mwenye tunasoma naye kwa autodidactes, anabeba batu na taxi moto, ile pikipiki, mchana, anakuja kusoma na mafuta ku mikono. Ananiita Mama mu kila sentence. "Mama, passé simple inaenda namna gani? Mama, Piaget alisema nini?" Nilimuambia: ukiniita Mama mu chumba ya examen, surveillant atafikiri nimekuja kukuleta chakula.

Dissertation ya tatu iko pamoja na barua hii. Nimeandika juu ya mutoto mwenye alikimbia vita na anasoma ku mahema. Niliona unanipa kumi na mbili ku makumi mbili ku ile ya pili. Sikulala kwa furaha, ile usiku masasi hazikuwa na kazi.

Uliniuliza kwa nini ninaficha. Hapana kuniuliza tena. Siku ikifika nitasema, ao sitasema. 

Muyisa amejifunza kupika sombe, majani ya muhogo, juu nipate wakati ya kusoma. Chumvi ni nyingi. Tunakula, tunanyamaza.

Victoire


Butembo, tarehe 12 mwezi wa tano 2024

Yaya mupendwa,

Salamu nyingi. Kofia imemuenea Gaëlle mupaka ku macho. Viazi zimepanda bei, maharage za Musienene zimekuja nyingi, huku hatuna njaa.

Hors-session imefika, kwa hiyo nataka kukutia nguvu. Yaya, kumbuka unabeba jina ya familia yetu! Kwa siye, hakuna musichana mwenye amepata diplôme d'État mupaka leo. Weye njo utafungua mulango. Najua utapata, sina hata mashaka moja. Ukiwa mbele ya jury, fikiri siye bote tuko nyuma yako tunaangalia. Fikiri batoto ba darasa yako benye watabakia bila mwalimu ukianguka. Hapana kutuangusha!

Tena usikasirike. Siku ya Ascension nilishuka Vuhovi, mama akaniuliza habari zako, na sikuweza. Ilinitoka. Alilia ya furaha, Yaya, ungemuona. Ameweka jina yako mu sala ya shirika, na mujomba wa Lubero ameahidi mbuzi. Namba yako ya telefone niliipatia bote benye banataka kukutumia neno ya courage. Utaona vile tunakupenda!

Mbele kwa mbele!
Hippolyte


Beni, tarehe 26 mwezi wa tano 2024

Hippolyte,

Huku bote banaendelea.

Maneno ya courage yalifika. Telefone haikunyamaza. "Tunakutegemea." "Hapana kutuabisha." "Najua utakuwa wa kwanza." "Poudre tumeisha kununua, tunangoja tu kukumwangia ku kichwa siku ya kupata." Mama alinipigia alfajiri ya siku ya oral, akasali na miye mupaka unités za telefone zikaisha. Ku garage batu balimuuliza Muyisa kama bibi yake anarudi darasa ya ngapi.

Dissertation niliandika. Leçon ku jury pratique ilienda muzuri: nilifundisha kutoa hesabu na mbegu za maharage, batoto bakasahau kama niko ku examen, na miye vilevile. Lakini ku oral ya français walinipa texte fupi, nikaisoma, mwanaume wa jury akaniuliza na upole texte inaongea juu ya nini: "Madame, de quoi parle ce texte?" Nikafungua kinywa, nikaona mama, mujomba, mbuzi, weye, bote mumekaa nyuma yake. Sikutoa neno. Aliuliza tena. Nikasema "oui, monsieur." Ile tu.

Vitabu nimeweka juu ya kabati. Mwezi wa sita sitaenda. Hapana kunipigia, hapana kuniandikia sasa.

V.


Butembo, tarehe 6 mwezi wa sita 2024

Yaya,

Ulisema nisiandike. Nimengoja mupaka nikashindwa. Kama unataka, weka barua hii bila kuisoma.

Huku tuko wazima. Gaëlle anaanza kucheka na batu.

Barua yako niliisoma ku banc ya shule, mbele ya cours. Nikaingia mu darasa ya bafinalistes na sikuweza kufundisha. Nikabauliza, bila kutaja jina: "Mutu akikuambia neno mbele ya examen, neno gani inakusaidia, na gani inakuumiza?" Nilifikiri batacheka. Hawakucheka.

Jessica, mwenye anakaa mbele, alisema: "Monsieur, papa akisema 'najua utapata', nasikia kama ameisha kuikula ile diplôme, na miye nitalipa na nini nikikosa?" Mwingine akasema: "Mama yangu anasema 'hapana kuogopa'. Sasa ninaogopa, na tena ninaficha kama naogopa. Inakuwa kazi mbili." Nikauliza, basi nini inasaidia? Halafu Jordy, mwenye hasemake kitu mwaka muzima, akasema: "Yaya yangu aliniuliza tu kama nimekula." Darasa yote ikasema eeh, eeh.

Yaya, nilisoma tena copie ya barua yangu, juu miye mwalimu ninalindaka brouillon zangu. Kila sentence iliongea juu yetu. Jina yetu, mulango yetu, mbuzi yetu. Examen ni yako, na hatukukuachia hata kiti moja. Tena ulinipa neno moja ya kulinda nikaitoa mu barabara. Naomba pardon. Sina kitu ya kuongeza pale.

Nilirudi Vuhovi. Mama alikuwa anachambua maharage. Nilimuambia: "Mama, maneno yetu yamekuwa muzigo kwa Victoire." Akauliza: "Hata sala?" Nikamujibu: "Sala mubakie nayo. Ni telefone njo tuache." Halafu akasema: "Kweli, hata miye wakati wa kuzaa sikupenda batu bajae mu nyumba." Alifunga neno kwa bengine bote, na mama unamujua, akifunga imefungwa. Mujomba amekubali mbuzi iendelee kula majani.

Kuenda ao kutokwenda, utachagua weye. Sitasema kitu. Kitu moja tu ya kazi, kama mwalimu: oral ni sehemu moja kati ya nyingi. Mutu mwenye alikosa maneno ku oral, bado pointi za dissertation, za leçon na za siku zote za session ziko pale zinamungojea. Ninakuambia juu pengine haukujua, haiko juu ya kukusukuma.

Mudogo yako


Butembo, tarehe 21 mwezi wa sita 2024

Yaya Victoire,

Rébecca aliniambia tu kama ulipokea barua, ukaiweka mu sac, ukanunua viazi. Inatosha. Sijue kama utaenda ku session. Ninaandika kama unaenda. Kama hauende, chukua barua hii kama salamu.

Nimekutumia bic mbili za bleu. Nimeandika barua hii nusu na moja, nusu na ingine, unaona zinaandika zote. 

Kunywa chai asubui, hata kidogo. Ku mulango ya centre ya examen batu watakuwa banaulizana maswali, "hii jibu ni gani, ile ni gani". Simama mbali kidogo nabo.

Item ikikukatalia, ipite, enda mbele. Mbele kuko zingine zenye zinakujua. Utarudi.

Kuogopa haiko mbaya. Mikono ikitetemeka, iache itetemeke, itachoka.

Bintu vyenye unajua viko vyako. Ulivisoma kati ya sombe ya chumvi na kazi ya darasa, na hakuna surveillant mwenye atakunyanganya.

Sitauliza umepata ngapi. Sitatafuta ku telefone, sitauliza mutu. Ukitaka kuniambia, siku yenye unataka, niko. Ukitaka kunyamaza, tutaongea juu ya avoka. Kwangu utabakia Yaya mwenye ulinishikisha kalamu, na ile iliisha kupita, haina examen.

Hapana kujibu. Lala.

Hippolyte


Beni, tarehe 9 mwezi wa saba 2024

Hippolyte, mudogo yangu,

Barua hii itachelewa, barabara imefungwa tangu juma ilipita na Rébecca amelala na viazi zake njiani. Lakini ninaandika wakati maneno ingali moto.

Tuko salama. Kifua ya Muyisa imefunguka. Gaëlle mumukumbatie.

Nilienda.

Vitabu nilivishusha siku barua yako ya kwanza ya mwezi wa sita ilifika, ile ya batoto ba darasa yako. Niliisoma ku soko, nyuma ya viazi, wakati Rébecca haniangalie. Sikukujibu juu sikutaka kukuahidi kitu, hata kwenda tu. Muyisa aliniona nimefungua kitabu ya didactique, akaondoka polepole na viatu mu mukono, yeye mwenye hajue polepole!

Ile ya pili ilifika mbele ya siku ya kwanza ya session. Nilivaa chemise nyeupe na jupe ya bleu, niliishona miye mwenyewe juu hakuna uniforme ya tumbo kama yangu. Ku mulango ya centre policier akaniambia: "Mama, bazazi banabakia inje." Nikamuonyesha carte yangu ya examen. Alisoma, akaniangalia, akasema: "Ingia, mwanafunzi." Nikacheka, na pale njo woga ya kwanza ilitoka.

Batu balikuwa banaulizana ku mulango, vile ulisema. Nilienda kusimama karibu na bomba ya maji. Sagesse alikuwa pale, amegeuka rangi kama kijivu. Kaka zake balimuambia asirudie nyumba kama hakupata. Mikono yake ilikuwa inaruka. Miye nikataka kumuambia "utapata tu", ilifika ku meno, nikaimeza. Nikamuuliza: "Umekula?" Hakukula. Nilikuwa na ndizi mu sac, nikamupa. Nikamuambia: "Iache itetemeke, itachoka." Alikula ndizi yote, akasema: "Asante, Victoire." Siku ile hakuniita Mama.

Siku ya culture générale, item ya kwanza ilinikatalia. Ya pili vilevile. Nikaanza kuona bote banakuja kukaa nyuma ya surveillant, mama mbele. Halafu nikaangalia bic mu mukono, nikakumbuka: huyu mwenye alinitumia bic hana kitu ananiomba. Nikapita. Ya ine ilikuwa ya civisme, niliifundisha batoto bangu. Ya tano vilevile. Nikaenda hivyo, nikarudi nyuma, nikamaliza. Siku ya sciences ilinipiga kweli, sitakudanganya, maths zilinikalia ku shingo. Langues sijue. Siku ya option, pédagogie na psychologie, niliandika kama mutu anaelezea nyumba yake.

Sasa nitakuambia juu ya nini nilificha, hata kama nilikataa.

Wakati nilikuwa mu cinquième, kule Musienene, nimebakisha mwaka moja tu, barabara ilikuwa mbaya, batu ba bunduki balikuwa banakamata wasichana njiani. Siku moja nilirudi na cahiers, nikakuta bageni mu salon. Mumoja akaniambia: "Pole, mutoto. Papa yako anatuambia umemaliza masomo." Nikaitika "ndiyo", kama najua. Sikujua. Papa alikuwa na sababu, barabara ilikuwa mbaya kweli, simulaumu. Lakini habari yangu niliisikia mu kinywa ya mugeni mwenye anakunywa chai. Vilevile ndoa yangu, balijua sokoni mbele ya miye kujua. Kwa bahati ilikuwa Muyisa. Kwa hiyo hii moja, Hippolyte, niliitaka itoke mu kinywa yangu miye, kama nikipata ao nikikosa.

Wakati uliipeleka Vuhovi, ilikuwa tena ile salon.

Wakati uliandika hautatafuta ku telefone, nilisoma ile mustari nikaketi chini. Haukujua kitu ya salon, na ukanirudishia kitu yangu kamili. Nakushukuru. Wasingya kutsibu. Nakushukuru kwa bic, kwa chai, kwa mama mwenye alituma maharage na Rébecca na mu sac hakukuwa hata karatasi, hata neno, maharage tu. Nilizipika nikalia juu ya sufuria kama mupumbavu wa shukrani.

Yaya yako,
Victoire


Butembo, tarehe 4 mwezi wa nane 2024

Yaya,

Barua yako ilifika imelowana, lakini kila neno inasomeka. Ile ya salon niliisoma mara moja, sikuweza mara ya pili. Nilikuwa mutoto mu ile nyumba, nilibebea bageni chai. Asante juu umeniambia.

Huku tuko. Gaëlle ana jino. Germaine amerudi ku atelier yake ya kushona. Mama anachimba viazi kama kijana. Avoka zenu vipi?

Juma hii listes za diplôme zimetoka, muji ina makelele mingi. Taxi moto zinapita na klaxon, batoto beupe na poudre mupaka ku kope. Kwa shule yetu Jessica alikuja kunisalimia, amekuwa kama mandazi mu unga. Jordy alikuja pia, bila poudre. Tulikaa, nikamuuliza kama amekula, akala kwangu. Atarudia mwaka kesho.

Mwenzangu mumoja mwenye anatembea na listes ku telefone yake aliniambia: "Kuko Beni pia, option pédagogie. Nitafute jina gani?" Nilimuambia: "Hakuna." Germaine aliniangalia. Nikabeba jembe nikaenda kulima maharage yenye haikuhitaji kulimwa. Siku ya pili nililima tena. Bajirani banasema mwalimu amekuwa muchapakazi.

Sikuandika juu ya kuuliza. Niliandika juu ya jino ya Gaëlle.

Hippolyte


Beni, tarehe 11 mwezi wa nane 2024

Mudogo yangu Hippolyte,

Jino ya Gaëlle imetufurahisha siye bote. Avoka zimeisha. Muyisa anakusalimia na anasema acha maharage kidogo, zitakuwa na kizunguzungu.

Siku listes zilitoka, nilikuwa mu darasa. Likizo imeanza lakini batoto banakuja tu, nyumbani kwabo hakuna nafasi. Sagesse alifika na taxi moto yake, anapiga klaxon tangu ku barabara kubwa, akaruka chini, akasimama ku mulango. Amepata, asilimia makumi tano na saba. Alikuwa na telefone mu mukono, na nikaona ku macho yake kama ameisha kuona jina yangu pia. Alifungua kinywa. Halafu akaifunga. Akanipa telefone, akageuka, akaangalia ukuta.

Nilisoma miye mwenyewe.

Nilirudisha telefone. Nikamaliza leçon, juu batoto balikuwa katikati ya hesabu. Halafu nikaenda ku garage. Muyisa alikuwa chini ya taxi moto ya mutu. Nikamuambia pale pale, akagonga kichwa ku tuyau. Nikaenda kwa directeur. Alisimama, akanipa mukono, akasema darasa ya pili ni yangu mwezi wa kenda. Kisha nikanunua unités, nikampigia mama Vuhovi. Nilimusikia anapumua. Hakuuliza kitu, Hippolyte. Mama yetu! Alinisalimia tu: "Victoire, umeamuka?" Akangoja. Nikamuambia. Alipiga kigelegele mupaka mutandao ikakatika.

Weye nilikuachia barua, juu weye njo ulingoja murefu, na nilitaka uisome umekaa, jembe iko mbali.

Nimepata. Makumi tano na mbili.

Njoo na Germaine na mutoto, barabara ikifunguka. Poudre ni ruhusa.

Victoire, diplômée d'État